Choo Kinapofunga Baada ya Kuhara

Jirani yetu mmoja, mtu mzima, aliharisha baada ya kula chakula kilicholala. Akanunua vidonge vya loperamaidi, akawa anameza viwili kila atokapo msalani. Kuhara kulikoma siku ya pili, lakini yeye aliendelea kuvimeza siku tatu zaidi, akichelea kuadhirika safarini. Alipotujia, alikuwa na siku ya nne bila choo, na tumbo limekuwa zito. Tulimsindikiza zahanati, na aliyoelezwa huko ndiyo tunayowaletea.

Dawa hiyo haiui vijidudu, bali hupunguza mwendo wa utumbo. Kinyesi hukaa ndani muda mrefu, maji yake hufyonzwa, nacho huwa kigumu. Ndiyo maana mtu mzima anayejitibu huanza na vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja kila anapoharisha tena. Kwa siku asizidishe vinne, wala asivuke siku mbili. Kuhara kukikoma, dawa nayo huachwa.

Hata hivyo, si kila kuchelewa ni ugonjwa. Kuhara humwacha mtu na utumbo mtupu, naye huwa amekula kidogo. Kukosa choo siku mbili au tatu, pasipo maumivu wala kuvimba, ni kusubiri tu utumbo ujae tena.

Jirani yetu aliambiwa aache vidonge na anywe maji mara kwa mara mpaka mkojo uwe mweupe. Chakula alianza na uji na papai, kisha mchicha, na maharage kidogo kidogo, kwani nyuzinyuzi nyingi kwa ghafla hujaza tumbo gesi. Muhimu zaidi, kila baada ya kifungua kinywa aende chooni, haja iwepo isiwepo, akae kama dakika kumi bila kujikamua. Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana huamka, na saa hiyo ndiyo ya kuurudishia mazoea. Siku ya tatu alipata choo, kigumu kwanza, kisha laini.

Tahadhari moja aliyopewa ni hii: kinyesi kigumu kikiziba, majimaji huweza kupenya kandoni na kuchafua nguo. Mtu hudhani kuhara kumerudi, akameza tena dawa ya kufunga, na hali ikazidi. Majimaji machache yakitoka baada ya siku kadhaa za kukosa choo, huku tumbo likiwa zito, asimeze kitu kabla ya kupimwa.

Tumbo likivimba na kukaza, mtu akatapika, au asiweze hata kutoa hewa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kuhara damu au mwenye homa kali asiitumie dawa hii kabisa, wala mtoto asipewe bila amri ya daktari.