Asilimia 17.7 za Japan zisikuchanganye

Kuna takwimu moja ya Kombe la Dunia 2022 kule Qatar ambayo vijiweni haichuji: Japan waliichapa Hispania 2-1 huku wakimiliki mpira kwa asilimia 17.7 tu. Basi utasikia, "Kumiliki mpira hakuna maana!" Ngoja kwanza.

Namba hiyo imejumlisha mechi nzima. Haikuambii nani alikuwa anaongoza wakati gani. Kipindi cha kwanza Japan hawakuwa na mpira, na walikwenda mapumziko wamelala 1-0. Waliporudi wakapandisha presha juu, Ritsu Doan akasawazisha dakika ya 48, Ao Tanaka akaongeza la pili dakika ya 51. Baada ya hapo walishapata walichokitaka, wakarudi nyuma na kumwachia Mhispania mpira apige pasi zake. Yaani sehemu ya uchache ule imeletwa na kuongoza, siyo kwamba ndio uliowapa uongozi.

Halafu hiyo ni mechi moja. Siku nne kabla, Japan haohao walimiliki mpira kuliko Costa Rica, wakafungwa 1-0. Ukiichukua hiyo peke yake utahubiri mengine kabisa.

Angalia pia nani kapiga hesabu. Wapo wanaogawa kwa idadi ya pasi. Fifa kule Qatar walitenga fungu la tatu, la mpira unaogombewa, kwa hiyo asilimia zao huwezi kuziweka mzani mmoja na za wengine.