Gawio: usianze na taarifa ya benki

Wanahisa wengi wakipata hati ya malipo ya gawio hutazama tarakimu ya mwisho, huilinganisha na taarifa ya benki, na zikifanana huiweka hati kabatini. Kwa maoni yangu, huko ni kukagua nusu tu. Benki huingiza kiasi ilicholetewa. Kama msajili wa hisa alikosea hesabu, kosa hilo litaonekana sawasawa kwenye karatasi zote mbili.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Dar es Salaam mwenye hisa 2,400 za kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Gawio lililotangazwa ni Sh. 65 kwa hisa. Hati inasema hisa 2,000, gawio ghafi Sh. 130,000, kodi ya zuio Sh. 13,000, malipo halisi Sh. 117,000. Benki nayo inaonyesha Sh. 117,000. Kila kitu kinalingana, lakini hisa 400 hazipo.

Kabla ya kulalamika, atazame hati ya ununuzi aliyopewa na dalali. Hisa hizo 400 alizinunua Jumanne, na daftari la wanahisa likafungwa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Katika soko letu mauzo hukamilika siku ya tatu ya kazi, yaani Ijumaa. Siku daftari linafungwa, hisa zilikuwa bado kwa jina la muuzaji, na gawio ni la muuzaji. Hapo hadai kitu. Kinachohesabiwa ni hisa za siku ya kufunga daftari, si za siku ya malipo.

Kodi ndiyo yenye tatizo. Sh. 13,000 ni asilimia 10 ya Sh. 130,000. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, hicho ni kiwango cha kampuni zisizoorodheshwa. Kwa kampuni iliyo sokoni ni asilimia 5. Alipaswa kukatwa Sh. 6,500 na kupokea Sh. 123,500. Amepunjwa Sh. 6,500, na taarifa ya benki isingemwambia kamwe.

Madai hayo hayaendi benki. Ayaandike kwa msajili wa hisa, nakala kwa katibu wa kampuni, akiambatanisha hati yenyewe na taarifa ya hisa zake ya siku ya kufunga daftari. Aombe pia cheti cha kodi ya zuio, kwani kitaonyesha kama fedha iliyozidi imekwishafika Mamlaka ya Mapato au bado iko kwa kampuni.

Benki huanza kuhusika pale tu inapoingiza pungufu ya malipo halisi yaliyo kwenye hati. Mara nyingi hapo ni ada ya kuhamisha fedha. Kampuni nazo zingetupunguzia usumbufu kwa kuchapisha kwenye hati tarehe ya kufunga daftari na kiwango cha kodi. Ni mistari miwili tu.