Kitufe Kiseme Kitakachotokea

Kila atumiaye simu siku hizi hukutana na vitufe na mabango yanayomwamuru: nunua, jiunge, changia, wahi. Maneno hayo ni machache, aghalabu mawili au matatu, lakini ndiyo yanayogeuza nia kuwa tendo. Mimi sioni kosa katika kuhimiza. Mwenye bidhaa ana haki ya kuinadi, na mwenye jambo jema ana haki ya kuwaita watu. Lakini hapana budi mwenye kuitwa ajue mambo matatu kabla hajabonyeza: nini kitatokea, kitamgharimu nini, na akikataa itakuwaje. Maneno yanayomficha moja kati ya haya si mwito tena, bali ni mtego.

Nchi ya Ujerumani ililazimika kulitungia jambo hili sheria. Palikuwa na tovuti zilizoonekana kutoa vitu bure, kama vile mapishi. Mtu alijaza jina na anwani, akabonyeza kitufe, na baadaye akapokea hati ya madai kwamba amejiunga kwa malipo. Bei ilikuwa imeandikwa, ila kwa herufi ndogo pembeni. Tangu tarehe 1 Agosti 2012, sheria ya nchi hiyo inataka kitufe cha mwisho cha kuagiza kiseme waziwazi kwamba agizo lina wajibu wa kulipa. Kitufe kisiposema hivyo, mkataba haupo. Kanuni ya namna hiyo hiyo imo katika agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji.

Nguvu ya kanuni hiyo ilipimwa katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 7 Aprili 2022. Mteja mmoja alitumia tovuti ya kuwekea nafasi akachagua vyumba vinne katika hoteli moja ya Ujerumani, kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa, kwa Kijerumani, maneno yenye maana ya “kamilisha kuweka nafasi”. Siku ilipofika hakutokea, na hoteli ikamdai euro 2,240. Swali likawa: je, maneno yale yalimwambia kwamba anaahidi kulipa? Mahakama ilijibu kwamba yatazamwe maneno yaliyo juu ya kitufe chenyewe tu, wala si maelezo mengine yaliyotangulia katika ukurasa. Kuamua iwapo maneno hayo, katika Kijerumani cha kila siku, humfanya msomaji afikirie malipo, kuliachwa kwa mahakama ya Ujerumani.

Naona hoja hiyo ni ya haki, kwa kuwa kidole hufuata kitufe. Msomaji mwenye haraka huruka aya nzima, lakini neno la kitufe hawezi kuliruka. Kwa hiyo habari nzito zaidi yapasa iwe hapo. Katika Kiswahili, “Endelea” hakisemi lolote, na “Weka nafasi” kinasema nusu ya jambo. “Weka nafasi na ulipe shilingi 10,000” kinasema yote. Ni kirefu zaidi, lakini maneno manne yaliyoongezwa yanazuia ugomvi wa baadaye.

Kitufe cha kukataa nacho kina haki yake. Baadhi ya watunzi humfanya mwenye kukataa ajione mjinga: mkono mmoja wameandika “Ndiyo, nipatie punguzo”, na mwingine “Hapana, napenda kupoteza fedha zangu”. Jibu la pili halielezi uamuzi wowote, linamtukana aliyeamua. “Hapana, asante” linatosha, tena liwe na ukubwa sawa na mwenzake. Kadhalika kuna utata usiotokana na nia mbaya. Mathalani, swali linauliza, “Unataka kughairi agizo?”, na chini yake pana vitufe viwili: “Sawa” na “Ghairi”. Je, anayebonyeza “Ghairi” anaghairi agizo, au anaghairi kughairi? Dawa ni kutaja tendo kwa ukamilifu: “Futa agizo” na “Acha agizo libaki”.

Sasa tuje kwenye haraka, ambayo ndiyo silaha kubwa ya mabango. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wa tovuti za maduka zipatazo 11,000, ambamo walikuta mifano 1,818 ya hila. Miongoni mwake zilikuwamo saa zilizohesabu dakika kuelekea mwisho wa punguzo la bei. Dakika zilipokwisha, saa nyingine zilianza kuhesabu upya, na punguzo nyingine ziliendelea kama kawaida. Hapa kuna kipimo rahisi: funga ukurasa, ufungue tena kesho. Ikiwa “nafasi ya mwisho” ingalipo, haikuwa ya mwisho.

Lakini si kila haraka ni ya uongo. Tuchukue bango la kuchangia damu. Mtunzi mmoja ataandika, “Usipokuja leo, mtoto atafariki!” Maneno hayo humtwika msomaji hatia ya jambo asiloweza kulihakiki. Mwingine atauliza kwanza ukweli wenyewe ukoje. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hudumu siku 35 hadi 42, kutegemea dawa ya kuhifadhia. Chembe zinazosaidia damu kuganda kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Basi haraka ipo, nayo ina sababu. Bango linaweza kusema: “Changia damu Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ukumbi wa shule. Sehemu moja ya damu hudumu siku 5 tu, kwa hiyo wachangiaji wapya huhitajika kila wiki. Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50. Unaweza kubadili nia wakati wowote.” Sentensi ya mwisho haipunguzi mwito. Humwondolea mwoga hofu ya kunaswa, na huyo ndiye hasa tunayetaka afike mlangoni.

Watapinga wafanya biashara wakisema kwamba maneno ya wazi hupunguza idadi ya wanaobonyeza. Huenda ikawa hivyo. Lakini kuhesabu waliobonyeza ni kupima kitu kisicho sahihi, maana katika hesabu hiyo aliyedanganywa na aliyeridhika ni sawa. Yafaa wahesabiwe pia waliodai fedha zao, waliolalamika, na waliorudi mara ya pili kwa hiari yao.

Walimu wanaweza kulifanyia jambo hili jaribio darasani bila kifaa chochote cha maabara. Chora ukurasa ubaoni, kisha ufunike wote isipokuwa kitufe. Wanafunzi kumi waandike, kila mmoja peke yake: nikibonyeza, nini kitatokea? Nitatoa nini? Nitarudije nyuma? Majibu yakilingana, kitufe kimefaulu. Yakitofautiana, darasa litunge maneno mapya na kuwapa wanafunzi wengine kumi wasioyaona yale ya kwanza. Hapo vijana wataona kwamba neno juu ya kitufe ni ahadi, na kwamba ahadi hupimwa kwa kile kinachotokea baada yake.