Swali la Uhasama Lisirudiwe Neno kwa Neno

Hoja kwamba mtoa mada arudie swali la uhasama neno kwa neno kabla ya kulijibu haikubaliki, kwa sababu tuhuma anayoitamka yeye mwenyewe huzidi kukaa masikioni mwa ukumbi. Mzazi akiuliza, katika semina ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, “Mmelipwa kiasi gani kuwafanya binti zetu tasa?”, mtoa mada hutua kidogo, kisha huliunda swali upya, yaani hutaja kiini chake bila shutuma: “Mzazi anauliza kama chanjo hii inadhuru uzazi, na nani anaigharimia.” Hujibu yote mawili kwa ufupi, akimalizia kwa kuwatazama wasikilizaji wote, kwani kumkazia macho muulizaji humwalika kuendeleza ubishi. Lakini suala la fedha likiachwa, huo ni ukwepaji, na ukumbi huutambua upesi.