Ujumbe wa pili usiwe lawama

Na Adventina Rwegoshora

Mwezi Machi mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa kahawa kule Nkwenda alinikabidhi simu yake nisome. Alikuwa anatafuta msimamizi wa ubora kabla maganda hayajaanza kuingia ghalani: mtu wa kupima unyevu, kukataa kahawa iliyoanikwa kwenye udongo na kuandika kila mzigo unaopokelewa. Kijana aliyemtaka alikuwa kazini Bukoba, na watu wawili waliofanya naye kazi walimsifia. Alikuwa amemwandikia siku nne kabla: "Habari ndugu. Tuna nafasi nzuri ya kazi, unahitajika Jumatatu. Tuma CV haraka." Kimya.

Chini yake alikuwa ameshaandika wa pili, bado hajautuma: "Mbona hujibu? Wenye shida ya kazi ni wengi." Nilimsihi aufute.

Tukausoma tena ule wa kwanza kama vile tumeupokea sisi. Namba ngeni. Jina la mwandishi halipo, la kampuni halipo, mshahara haukutajwa, wala mahali. Matapeli wa ajira huanza hivyohivyo, kisha kesho yake wanadai hela ya fomu au ya usaili. Asiye na kazi anaweza kujibu kwa kubahatisha. Huyu ana mshahara wake wa mwezi, na hana sababu ya kuhatarisha chochote kwa ajili ya ujumbe usio na mwenyewe.

Halafu hiyo Jumatatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini. Kijana akitoa notisi Aprili 1, anakuwa huru mwisho wa Aprili, na kahawa huku kwetu huanza kuchumwa Mei. Anayemwambia aje Jumatatu anamwomba amtoroke mwajiri wake, na mtu makini hafanyi hivyo. Kwangu mimi, kimya chake kilikuwa sifa nyingine ya kumtaka.

Tuliangalia pia tiki za WhatsApp. Zilikuwa mbili za kijivu: ujumbe umefika kwenye simu, lakini hakuna uhakika kwamba umesomwa, na wako wanaozima zile za bluu makusudi. Ingekuwa tiki moja, huenda simu imezimwa au bando limekwisha, na hapo ningemshauri atume ujumbe wa kawaida. Kimya cha tiki moja si jibu kabisa.

Akasubiri hadi wiki ikatimia tangu ule wa kwanza. Aliuandika wa pili jioni, saa ambayo kijana hayuko mbele ya bosi wake, kwenye mazungumzo yaleyale ili aone mwanzo wake:

"Habari za jioni, mwanangu. Ni mimi niliyekuandikia wiki iliyopita bila kujieleza, nisamehe. Nina mashine ya kukoboa kahawa hapa Nkwenda. Namba yako nilipewa na mzee uliyefanya naye kazi ghalani msimu uliopita, unaweza kumuuliza habari zangu. Natafuta msimamizi wa ubora, mkataba wa mwaka mmoja, shilingi 700,000 kwa mwezi kabla ya makato, chumba kipo. Hatudai hela yoyote. Notisi yako tutaisubiri. Kama haikufai, andika 'hapana' tu, sitakusumbua."

Hakuna "nakukumbusha" humo, wala "sijapata jibu lako". Kila sentensi inajibu hofu moja aliyokuwa nayo msomaji, na ule mstari wa namba ndio mzito kuliko yote. Mtu ana haki ya kujua namba yake imefikaje mikononi mwako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tena kutajwa kwa mzee anayefahamiana naye kunamwezesha kuhakiki kwa simu moja.

Mama aliniuliza, asipojibu tena je, ampigie ofisini kwake? Nilikataa kwa nguvu zote. Simu ya ofisini inaweza kumgombanisha na bosi wake kwa kazi ambayo hata hajaiomba. Ujumbe wa tatu nao ni usumbufu. Kama wa pili ungekaa wiki bila jibu, angemtafuta mwingine, na Machi bado ilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Kijana alimwamkia, akaeleza kwamba alishampigia yule mzee. Mshahara hakuugusa. Aliuliza jambo moja tu: "Mama, nikikataa gunia lenye unyevu, na mwenye gunia ni jirani yako, utanisimamia?"

Mama alimjibu kwamba atamsimamia. Kijana aliripoti Nkwenda wiki ya kwanza ya Mei.