Kasapa: kazi ya serikali, dosye yaangukia wapi?

Kila mara tangazo la kazi ya serikali linapobandikwa, foleni zinaonekana kwenye mashini za fotokopi karibu na chuo kikuu, kwenye barabara ya Kasapa. Wengi wanaanza na barua. Lakini barua inaandikwa kwa usiku mmoja. Kinachoangusha dosye ni vile vikaratasi vingine, kwani kila kimoja kinatoka ofisi yake na mwendo wake.

Sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayopanga wafanyakazi wa serikali ya Kongo, inaomba mutu awe raia wa Kongo, awe na miaka kati ya 18 na 35, awe na mwenendo muzuri, afya na diplome inayolingana na kazi, kisha apite mutihani. Kila sharti linazaa karatasi yake: karte ya kura juu ya kitambulisho, atestasyo ya mwenendo kutoka komine, hati ya parke kwamba mutu hana hukumu, sertifika ya munganga, kopi ya diplome yenye kashe. Mara nyingi tangazo linaongeza kwamba karatasi ya munganga na ile ya parke zisipitishe miezi mitatu. Kwa hiyo mutu aliyezitafuta mwaka jana "ili ziwe tayari" atazilipia mara ya pili.

Tuseme binti wa Kasapa mwenye miaka 34 na lisanse ya UNILU. Tangazo limetoka siku ya kwanza ya mwezi, dosye zinafungwa tarehe 15, saa tisa na nusu alasiri. Kwake hii si nafasi kama ya wengine: tangazo lijalo likikawia miaka miwili, umri utakuwa umemufungia mulango.

Akihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 15, anaona jambo moja: barua ndiyo ya mwisho. Tarehe mbili anapaswa kuwa parke, kwani pale hakuna anayemuahidi siku ya kupata jibu. Komine na munganga vinaweza kufuata, hata siku moja. Akianza na barua na CV, kama wengi wanavyofanya, wiki ya kwanza imeisha na bado hajagusa ofisi hata moja.

Halafu kuna majina. Kwenye diplome ameandikwa jina, postno na preno. Kwenye karte ya kura herufi moja imebadilika. Anayepokea dosye hana kazi ya kukisia kama ni mutu mumoja. Afazali binti aone kosa hilo tarehe mbili, mbele karatasi zingine hazijaandikwa kwa kufuata karte. Na karte yenyewe: nyingi zilizotolewa na CENI kwa uchaguzi wa 2023 zimefutika, picha na maandishi havisomeki tena. Fotokopi ya karte ya namna hiyo ni karatasi nyeupe tu. Duplikata inaombwa CENI, na siku zake pia zinahesabiwa.

Diplome ndiyo fundo kubwa. Wengi wamemaliza masomo lakini diplome yenyewe haijatoka, wako na atestasyo ya kufaulu tu. Kama tangazo halisemi kwamba atestasyo inakubaliwa, kuiweka kimya ndani ya dosye ni kucheza bahati nasibu. Hapa ndipo kuandikia ofisi inayoajiri kunafaa, na ni kabla ya tarehe ya mwisho. Barua fupi, kwa Kifaransa: nambari na tarehe ya tangazo, kazi inayoombwa, ulizo moja tu, "atestasyo ya kufaulu inakubaliwa pahali pa diplome?", na simu. Hadisi ya taabu za familia haijibiwi na ofisi. Jibu likikuja kwa maandishi, linaingia ndani ya dosye.

Barua ya kuomba kazi nayo inaelekezwa kwa kiongozi aliyetajwa kwenye tangazo, si kwa waziri wala mubunge. Chini yake zinaorodheshwa karatasi zote kwa mupangilio uleule wa tangazo, ili anayepokea ahakikishe kwa kidole, moja moja.

Kama dosye inapokelewa Kinshasa tu, tarehe 15 ni siku ya kufika, si siku ya kutuma kutoka Lubumbashi. Binti wetu amepoteza basi siku tatu ao ine. Kama divizyo ya jimbo inapokea, aende mwenyewe na kopi mbili za barua. Moja inabaki. Ya pili inarudi naye ikiwa na kashe, tarehe, saa na sinyatire. Siku orodha ya wanaoitwa kwenye mutihani inabandikwa bila jina lake, kopi hiyo ndiyo itakayomuruhusu kuandika tena na kuuliza sababu.

Aliyeacha dosye kwa mulinzi wa mulango hana kopi hiyo.