Umeme Hausimami Miseli Zikianza

Mwandishi wa makala ya toleo lililopita anadai kwamba miseli zikianza kuundwa, mvutano wa uso na upitishaji umeme husimama pamoja. Nusu ya dai hilo ni kweli. Nusu ya pili itampotosha kila mwanafunzi atakayeingia nayo maabara.

Chukua sodiamu dodesili salfeti, sabuni ya kwenye shampuu, katika nyuzijoto 25. Maji matupu yana mvutano wa milinyutoni 72 kwa mita. Ukiongeza sabuni, molekuli zake hujipanga usoni pa maji na mvutano hushuka hadi karibu 38, kisha hutulia, kwani sasa karibu kila molekuli mpya huingia kwenye miseli. Hapo umefika milimoli 8 kwa lita, kama gramu 2.3.

Umeme, hata hivyo, huendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo. Miseli hushikilia sehemu kubwa ya ayoni za sodiamu, lakini zilizobaki huru bado zinabeba chaji, na miseli zenyewe pia. Ndiyo maana tunachora mistari miwili iliyonyooka na kusoma inapokutana. Anayengoja mstari ulale atangoja bure.

Hata mvutano hautulii hivi hivi. Ukiona mchoro umezama kidogo kabla ya kutulia, shuku dodekanoli. Uchafu huo hukaa usoni pa maji, kisha miseli huumeza na mvutano hupanda tena. Safisha sabuni kwa kuiunda fuwele upya, ndipo upime.